Mstari Mfupi Chini ya Ramani

Mama yangu alikuwa akiteremka korongoni mara tatu kwa siku kuchota maji, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kugoma. Kuteremka hakukumsumbua sana. Kazi ilikuwa kupanda, ndoo kichwani, kwenye njia ambayo mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Alikuwa na mawe yake matatu ya kupumzikia, na mimi nikirudi kutoka kufundisha mchana ningeweza kujua goti limeamkaje kwa kuangalia amekaa kwenye jiwe la ngapi. Siku mbaya nilimkuta kwenye la kwanza, karibu kabisa na mto, ndoo imejaa na safari haijaanza.

Hii ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, upande wa Old Moshi. Mifongo, ile mifereji ambayo mababu zetu waliichimba ikashusha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba, ilikuwa bado inatiririka, lakini ikifika kwetu chini kiangazi unaona tope tu na majani ya kahawa. Watu wa juu walichota asubuhi, wakanywesha ng'ombe, wakamwagilia, na sisi wa chini tukapewa salamu. Kwa hiyo shirika moja la kanisa lililokuwa na ofisi mjini Moshi liliposema litatupa mabomba, kitongoji chetu kilisikia habari hiyo kwa namna tofauti na wengine. Wa juu walifurahi. Sisi tulinyamaza, kwa sababu tulishazoea mambo mazuri kuishia njiani.

Masharti yalikuwa mawili. Kijiji kichimbe mtaro chenyewe, kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya lazima itoe mtu. Na kijiji kipeleke barua kueleza ni mita ngapi kutoka chemchemi ya juu, pale msitu unapoanza, hadi bomba la mwisho. Mabomba yangetolewa mara moja tu. Ukiomba pungufu, umeumia.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mzee mmoja fundi mwashi, mtu wa maneno machache na tepu ya kupimia iliyokaa mfukoni mwake hata kanisani. Alikuja nyumbani jioni moja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye unayefundisha ramani."

"Ndiyo, mzee."

"Basi tupimie."

Sitasema uongo. Nilijisikia mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha jiografia darasa la sita na la saba, na kwa mara ya kwanza watu wazima wa kijiji changu walikuwa wanahitaji kitu nilichonacho kichwani na siyo mikononi. Mama alikuwa jikoni, nikajua anasikia, nikajibu kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyotakiwa.

Shule yetu haikuwa na ramani ya mlima. Rafiki yangu aliyefundisha mjini aliniazima ya kwao, karatasi kubwa ya rangi, kwa mchana mmoja tu. Nilipoikunjua kwenye benchi la stendi nilisahau kama nasubiri gari. Nilikuwa nimezaliwa kwenye mteremko ule na sikuwahi kuuona. Yale makorongo niliyodhani ni mawili yalikuwa saba, yakishuka sambamba kama michirizi ya maji kwenye kioo cha dirisha. Mistari ya kontua ilibanana juu na kuachana kadiri inavyoshuka kuelekea tambarare ya Kahe, na kati ya mistari hiyo, kwa nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya ulezi, kulikuwa na nyumba. Mtu mmoja ambaye hatujui jina lake alitupima sote na hakumwamsha yeyote.

Miaka ile maduka ya fotokopi yalikuwa yanaota Moshi kama uyoga. Niliingia la kwanza nililoliona. Kijana wa mashine akaitazama ramani, akatazama karatasi zake, akasema, "Dada, hii haiingii. Niibane kidogo?"

"Ibane," nikasema. "Ila usinikatie maandishi ya chini."

Upande wetu ulikuwa karibu na pindo la chini la ramani, kwa hiyo kwenye nakala ilitokea milima yetu yote na maandishi ya chini pia: kipimio cha uwiano, moja kwa elfu hamsini, na chini yake kipimio cha mstari, ule mstari mfupi wenye alama za kilomita. Ilitoka safi, nyeusi na nyeupe. Nilirudisha ramani ya watu nikapanda nyumbani na nakala yangu ndani ya daftari ili isikunjike.

Jumapili, baada ya ibada, nilichora kwa penseli njia ya bomba: kutoka chemchemi, kufuata mgongo wa kilima kando ya barabara ya miguu, kupita shuleni, hadi kwenye kihamba chetu, shamba la mwisho kabla ya korongo. Njia ilijipinda, na rula hainyooshi kona, kwa hiyo nilichukua uzi wa kushonea wa mama. Nilibana mwanzo wa uzi kwa pini, nikaulaza juu ya mstari wa penseli, kila kona pini nyingine, hadi mwisho. Kisha nikaunyoosha kwenye rula. Sentimita saba na nukta mbili.

Hesabu yake ni nyepesi. Moja kwa elfu hamsini maana yake sentimita moja ya karatasi ni sentimita elfu hamsini za ardhi. Sentimita elfu hamsini ukigawa kwa mia unapata mita mia tano, nusu kilomita. Saba nukta mbili mara mia tano: mita elfu tatu na mia sita. Nilirudia mara tatu, nikaiandika kwenye barua kwa mwandiko wangu wa ubaoni, mwenyekiti akatia saini, barua ikaenda mjini.

Jumatatu yake niliibeba nakala darasani, maana kitu kizuri huwezi kukifungia sandukuni. "Namba hizi hazina sentimita wala inchi," niliwaambia darasa la sita. "Ukitaka pima kwa ukucha wako. Ukucha mmoja kwenye karatasi ni kucha elfu hamsini kwenye ardhi. Ukipima kwa fimbo, fimbo moja ni fimbo elfu hamsini. Uwiano haujali unapima kwa nini." Walitazama kucha zao. Huo ulikuwa wakati ambao mpaka leo naupenda, watoto arobaini kimya wakiangalia kidole gumba.

Tukafanya mfano. Kutoka shuleni hadi kanisani kwenye karatasi yetu ni sentimita tatu. Tatu mara elfu hamsini ni sentimita laki moja na nusu. Gawa kwa mia, mita elfu moja mia tano. Gawa kwa elfu, kilomita moja na nusu. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza ule mstari wa chini ni wa nini. Nikamjibu kwa dharau ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Huo ni mkongojo wa wasiojua kuzidisha." Darasa likacheka. Nikafuta ubao.

Kijiji kilikuwa na kaya mia mbili na arobaini. Mita elfu tatu na mia sita ukizigawa kwa kaya hizo, kila kaya inapata mita kumi na tano. Mwenyekiti alikata kamba ya katani ya mita kumi na tano kwa kuipima na tepu yake, na Jumamosi baada ya Jumamosi watu walichimba, kipande kwa kipande, kutoka juu kuja chini. Kila aliyemaliza kipande chake alichomeka kijiti na kwenda zake. Ndivyo tulivyochimba mifongo tangu zamani: kila mlango na kipande chake, hakuna wa kumsimamia mwenzake. Mimi na mama tulichimba chetu pia, yeye akikwangua udongo kwa beleshi huku amekaa.

Jumamosi ya mwisho mwenyekiti alinitumia mtu. Nilipanda mbio nikijua naitwa kupongezwa.

Nilikuta watu kama thelathini wamesimama kwenye kihamba cha mtu, katikati ya migomba, wakitazama chini. Mtaro ulikuja vizuri kutoka juu, umenyooka, ukakata kati ya mibuni miwili na kuishia pale. Kijiti cha kaya ya mia mbili na arobaini kilikuwa kimechomekwa ukingoni. Mbele yake hapakuwa na kitu ila majani. Shule ilikuwa bado iko chini. Kitongoji chetu chote kilikuwa bado kiko chini. Nikiinua shingo niliona bati la nyumba yetu likimetameta mbali huko, kwenye ukingo wa korongo.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "kaya zimekwisha."

Ningekuwa mtu mwema ningeuliza nimekosea wapi. Lakini mimi hasira hunitangulia mlangoni. "Kamba yenu imevutika," nikasema. "Katani ikilowa inavutika. Ipimeni."

Alitoa tepu, akailaza kando ya kamba mbele ya watu wote. Mita kumi na tano, labda na unene wa kidole. "Basi kuna watu wamechimba pungufu," nikasema. Mwanamke mmoja wa kitongoji cha juu, ambaye alikuwa bado ana udongo kwenye viganja, alinitazama tu. Tungeanzia hapo kupima upya, vipande vyote mia mbili na arobaini, kama mwenyekiti asingesema kwa upole, "Nenda kaangalie karatasi yako, mwanangu. Sisi tutaangalia mtaro."

Nilikwenda nyumbani na machozi ya hasira. Mama alikuwa korongoni. Nilikaa mezani, nikaikunjua nakala, nikaweka uzi upya: saba nukta mbili. Nikazidisha: elfu tatu na mia sita. Nikapiga meza. Hesabu haikuwa na kosa popote, na mtaro ulikuwa umeishia kwenye mibuni.

Rula ilikuwa imelala chini ya karatasi, pembeni ya ule mstari mfupi. Sikuipeleka pale kwa akili, ilianguka tu. Mstari ulikuwa na sifuri, na kulia kwake moja, mbili, tatu, nne, kila alama kilomita moja. Na kushoto kwa sifuri kilomita moja nyingine iliyokatwa vipande kumi vya mita mia mia. Kilomita moja kwenye moja kwa elfu hamsini lazima iwe sentimita mbili. Hiyo naijua hata nikiwa usingizini. Rula ilikuwa inaonyesha sentimita moja na nusu.

Nilidhani ni macho. Nikapima sifuri hadi nne: sentimita sita. Zilitakiwa kuwa nane.

Ndipo nikasikia sauti ya yule kijana wa fotokopi: niibane kidogo?

Sijui niseme vipi nilichohisi. Aibu ilikuja, ilikuwa njiani, lakini kabla ya aibu kilikuja kitu kingine, na kilinifanya nishike ukingo wa meza. Mashine ilikuwa imeibana milima yote, makorongo, barabara, chemchemi, na nyumba yetu, na ilipofika chini ikaubana na ule mstari kwa kiasi kilekile. Mstari ulikuwa umepungua pamoja na nchi yake. Kilomita yake ilikuwa bado kilomita. Maandishi ya uwiano juu yake nayo yalikuwa yamebanwa, herufi zimekuwa ndogo, lakini maana yake ilibaki ileile, moja kwa elfu hamsini, kwa sababu namba ikiandikwa kwa wino mdogo haipungui. Karatasi yangu ilikuwa imebeba uongo na ukweli pamoja, kimoja juu ya kingine, kwa zaidi ya miezi miwili, na mimi mwalimu nilikuwa nimesoma cha juu na kukicheka cha chini.

Niliuchukua uzi nikaupeleka kwenye mstari. Mwisho wake mmoja nikauweka kwenye nne, kulia. Mwisho wa pili ulivuka sifuri ukaingia kwenye vile vipande vya kushoto na kukaa juu ya alama ya nane. Kilomita nne na mita mia nane. Nikahakikisha kwa kugawa: saba nukta mbili gawa kwa moja nukta tano, ni nne nukta nane. Sikuhitaji kuzidisha chochote. Ule mkongojo ulikuwa unatembea wenyewe.

Mita elfu moja na mia mbili zilikuwa hazipo kwenye barua. Bomba moja ni mita sita. Mabomba mia mbili. Na zile mita zilizokosekana zilikuwa zetu, sisi wa chini: mtaro ungetulia pale kwenye mibuni na mama angeendelea na mawe yake matatu mpaka goti life kabisa.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni nikashuka mjini. Ofisi ya mradi ilikuwa na fundi wa maji, mwanamume mnene mwenye kalamu mbili masikioni, kila sikio moja. Nilimweleza. Alinisikiliza kama mtu aliyesikia sababu nyingi maishani.

"Orodha ya mabomba inatoka Ijumaa," akasema. "Vijiji vyote vikishaahidiwa kila kimoja kinagundua kimesahau kilomita. Nitajuaje?"

"Una ramani yenyewe? Isiyobanwa?"

Alikuwa nayo, imebandikwa ukutani nyuma yake. Nilipanda kwenye kiti chake bila kuombwa. Nilitoa uzi wa mama na pini zangu, nikaanza kwenye chemchemi, kona kwa kona, na yeye akaja akawa ananishikia mwisho. Tuliushusha uzi kwenye rula yake. Sentimita tisa na nukta sita.

"Mara mia tano," nikasema.

"Elfu nne na mia nane," akasema yeye. Kisha, bila mimi kumwambia, akaupeleka uzi kwenye mstari wa chini ya ramani yake. Kwenye karatasi hii mstari ulikuwa mrefu, kila kilomita sentimita mbili kamili, na uzi ulikuwa mrefu pia. Mwisho mmoja kwenye nne, mwisho wa pili kwenye nane, palepale. Nikatoa nakala yangu nikaiweka chini ya ile ya ukutani. Uzi mfupi kwenye mstari mfupi, uzi mrefu kwenye mstari mrefu, na jibu moja. Tulisimama tukitazama. Yeye alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, na bado alisimama.

"Uwiano wa hii ya kwako sasa," akasema, akichomoa kalamu moja, "sentimita moja na nusu kwa kilomita. Kilomita ni sentimita laki moja. Laki moja gawa kwa moja na nusu. Ni moja kwa elfu sitini na sita, mia sita sitini na saba, tukikadiria. Hiyo ndiyo ungeandika pale juu kama ungekuwa unajua." Hakusema kwa ubaya.

Nikakumbuka jambo lililokuwa linanitisha njia nzima. "Na mteremko? Ramani inapima kama nchi ni bapa. Sisi tunaishi ukutani."

Alicheka. Akahesabu kontua: kutoka chemchemi hadi kwetu ilikuwa ni kushuka mita mia nne. Akachora pembetatu, chini yake elfu nne na mia nane, ubavuni mia nne, akatafuta upande ule wa tatu. "Elfu nne, mia nane kumi na saba," akasema. "Mlima wako wote unaongeza mita kumi na saba. Mabomba matatu." Nilimwomba arudie. Ule mlima ambao ulikuwa unamkalisha mama yangu kwenye mawe, kwenye hesabu ya mabomba ulikuwa mabomba matatu. Mpaka leo sijazoea.

Kwenye orodha alifuta mabomba mia sita akaandika mia nane na matatu, juu ya yale ya ziada anayowekea kila kijiji kwa ajili ya kuvunjika. Kisha akasema la mwisho: lori litapanda baada ya wiki nne. Atakagua mtaro kwanza. Mahali mtaro utakapoishia, mabomba yataishia hapo, na yatakayobaki yatakwenda kijiji kingine.

Kwa hiyo ilibaki kuwaambia watu.

Kwetu ukimkosea mtu na ukataka akusikilize, unachukua jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, unakwenda nalo mkononi. Aliyekosewa akiliona, ni vigumu kukufukuza. Nilikuwa nimeona wanaume wakilipeleka kwa ajili ya mipaka na ng'ombe. Sikuwahi kumwona mtu akilipeleka kwa ajili ya fotokopi. Nilikata jani kwenye mpaka wetu, nikaenda nalo kwenye mkutano wa kijiji, nikamwendea kwanza yule mwanamke wa kitongoji cha juu ambaye nilikuwa nimemwita mwizi wa mita bila kumtaja.

"Kamba ilikuwa sawa," nikasema mbele ya wote. "Mlichimba sawa. Karatasi yangu ilikuwa imebanwa na mimi sikuipima. Zimebaki mita elfu moja na mia mbili."

Palikuwa na manung'uniko. Mzee mmoja wa juu akasema wazi kwamba wao mita zao wamemaliza, maji yatapita mlangoni kwao, waliobaki chini wajichimbie. Na kwa haki yake alikuwa sahihi. Kaya za chini zilikuwa themanini. Zingepata mita kumi na tano nyingine kila moja, ndani ya wiki nne, na nusu yao ni wajane na wazee kama mama. Nilisimama na jani langu.

Yule mwanamke alilichukua jani mkononi mwangu. Akamgeukia mwenyekiti. "Elfu moja na mia mbili kwa kaya zote ni ngapi?"

Mwenyekiti alifumba macho kidogo. "Mita tano kila kaya."

"Mita tano," akasema mwanamke, "ni asubuhi moja." Akakaa, na jani akaliweka kwenye mapaja yake. Hakuna aliyesema tena habari za juu na chini, ingawa yule mzee hakutabasamu.

Darasani nilirudi kwenye sentimita tatu za kutoka shuleni hadi kanisani. Safari hii niliwapa uzi na mstari, nikanyamaza. Wakapata kilomita mbili. "Siku ile ulisema moja na nusu," akasema yule msichana wa dawati la mbele. Nikasema ndiyo, nilikosea, na nikawaeleza kwa nini: ramani ikibanwa au kukuzwa, uwiano ulioandikwa unakufa, mstari unabaki hai, kwa hiyo kabla ya kuamini uwiano pima mstari kwanza. Akaliandika hilo kwenye daftari. Kisha akasema, "Mimi nilijua ni mbali zaidi ya hapo," na safari hii hakuna aliyecheka.

Mtaro ulifika. Lori lilipanda, mabomba yakalazwa, yakafukiwa, na asubuhi moja mafundi wakafungua koki kule juu msituni. Sisi wa chini tulikuwa tumesimama kwenye kihamba chetu kuzunguka bomba la mwisho. Mlima ulikuwa umefunguka, theluji yote nje, na hakuna aliyeutazama. Bomba lilianza kupuliza hewa, likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena tope jekundu. Kisha maji. Yalikuwa baridi ya msituni, yamekuja kilomita nne na mita mia nane chini ya miguu ya watu, na yalimwagika kwenye ndoo ya mama kana kwamba siku zote yalikuwa yanajua njia. Nililia bila kujificha. Wanawake walipiga vigelegele.

Mama alisogea kwenye ndoo. Alitia mkono kwenye maji akauacha humo muda mrefu. Watu walipoanza kutawanyika nilimweleza, kwa sababu sikuweza kunyamaza, habari yote ya uzi na mstari, jinsi karatasi ilivyobanwa na bado ukweli ukawa umo ndani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipenda, naamini alipenda.

"Ile chemchemi ya juu," akasema, "ndipo ninapotua mzigo nikitoka msituni kutafuta kuni. Tangu nimeolewa hapa. Nikitua pale natazama chini, naona migomba yetu, najua kilichobaki ni kirefu kuliko kwenda kanisani na kurudi."

Kwenda kanisani na kurudi kutoka kwetu ni kilomita nne na kidogo, na barua yangu ilikuwa imesema tatu nukta sita. Nilikuwa nimeshaipima, kwa uzi.

"Mbona hukuniuliza mimi?" akasema mama, na akainama kufunga koki.